Kiunzi cha Uthibitisho: Kila Sharti Lina Kazi Yake

Mwaka wa pili nilishika sapu ya hisabati, na sikushika kwa uvivu. Thiorem ya Rolle nilikuwa nimeikariri neno kwa neno kutoka kwenye desa. Kwenye mtihani nikasahau mstari mmoja wa katikati, na yote yaliyofuata yakapotea nao. Nikapata alama 4 kati ya 10. Nilipojiandaa kurudia, nilianza kuandika kitu ninachokiita kiunzi: nusu ukurasa kwa kila thiorem, wenye vitu vitatu tu. Wazo kuu, masharti ya kuanzia na hatua. Tuanze na hiyo hiyo Rolle iliyoniangusha.

Wazo kuu: ukipanda mlima halafu ukashuka hadi kimo ulichoanzia, kuna mahali juu kileleni ambapo hupandi wala hushuki. Kwa lugha ya somo, kuna c kati ya a na b ambapo f'(c) = 0.

Masharti yako matatu:
1. f ni endelevu kwenye [a, b], yaani mchoro wake haukatiki, miisho ikiwemo.
2. f ina mteremko kwenye kila nukta kati ya a na b.
3. f(a) = f(b).

Sasa hatua. Pembeni ya kila hatua naandika namba ya sharti linaloiruhusu.

Hatua ya kwanza: f ina thamani kubwa kuliko zote na ndogo kuliko zote kwenye [a, b]. (Sharti 1.)

Hatua ya pili: kama zote mbili ziko kwenye miisho, basi zinalingana, kwa hiyo f haibadiliki kabisa na mteremko ni 0 kila mahali. Kama sivyo, angalau moja iko ndani, kwenye nukta c. (Sharti 3.)

Hatua ya tatu: chukulia c ni kilele. Ukikikaribia kutoka kushoto, (f(x) − f(c))/(x − c) haiwi hasi. Ukikikaribia kutoka kulia, haiwi chanya. Pande zote mbili lazima zifike kwenye namba moja, f'(c), kwa hiyo namba hiyo ni 0. Kama c ni bonde, alama zinageuka tu. (Sharti 2.)

Zile namba za pembeni ndizo zilizonisaidia. Kwenye mtihani wa kwanza niliandika, "f ina kilele, kwa hiyo mteremko pale ni sifuri." Inasikika vizuri, lakini sharti la 3 sikulitumia popote. Jaribu f(x) = x kwenye [0, 1]. Kilele kipo, kiko kwenye 1, lakini mteremko ni 1 kila mahali. Hoja yangu ingethibitisha uongo! Ukimaliza kuandika ukakuta sharti limebaki bila kazi, rudi nyuma. Mara nyingi umeruka hatua.

Ukitaka kuhakikisha umeelewa, ondoa sharti moja moja utafute mfano unaoharibika. Bila sharti la 2, chukua f(x) = |x| kwenye [−1, 1]: miisho inalingana, lakini bonde lake ni kona kali kwenye 0, na hakuna mahali ambapo mteremko ni sifuri. Bila sharti la 1, chukua f(x) = x kwenye [0, 1], ila kwenye 1 uilazimishe iwe 0. Miisho inalingana, ndani mteremko ni 1 tupu.

Faida nyingine ni kwamba viunzi vinashikana. Thiorem ya Thamani ya Wastani inasema kuna c ambapo f'(c) = (f(b) − f(a))/(b − a). Kiunzi chake ni kifupi sana. Wazo kuu: toa mstari ulionyooka unaounganisha miisho, kisha mwite Rolle. Tukiuita mteremko wa mstari huo m, tunaunda g(x) = f(x) − f(a) − m(x − a).

Chukua f(x) = x² kwenye [1, 3]. Hapa m = (9 − 1)/2 = 4, na g(x) = x² − 4x + 3. Hakiki: g(1) = 0 na g(3) = 0. Masharti ya Rolle yametimia, na g'(x) = 2x − 4 inakuwa sifuri kwenye x = 2. Kweli, f'(2) = 4. Cha kukumbuka ni hiyo g tu. Mengine anafanya Rolle.

Lakini kiunzi siyo jibu. Ukiandika "kwa Rolle" bila kuonyesha kwamba g inatimiza masharti yote matatu, alama zinaondoka. Kwa hiyo mimi nikikaa kwenye kimbweta nafunika hatua, naacha wazo na masharti peke yake, naandika uthibitisho mzima kwa sentensi kamili. Nikikwama, sifunui kwanza. Najiuliza: ni sharti gani bado sijalitumia?

Ile sapu niliivuka, na swali la Rolle lilikuwepo.