Foleni Mbili: Kwa Nini Mchezo wa Intaneti Hukwama Ghafla

Wachezao michezo ya kompyuta kwa njia ya intaneti hulalamika kwamba mchezo huenda vema dakika kadhaa, kisha huganda ghafla. Wengi hudai kuwa dawa ni kuacha Wai-Fai na kutumia waya. Dai hilo ni kweli nusu tu, kwani ujumbe wa mchezo hupanga foleni mahali pawili.

Foleni ya kwanza imo hewani. Vyombo vyote vitumiavyo chaneli moja ya Wai-Fai, pamoja na vya jirani, hupokezana zamu kama wasemaji barazani. Kimoja kikisema, vingine husubiri, na ujumbe uliogongana na mwingine hurudiwa. Ndiyo maana safari ya milisekunde 2 yaweza mara moja kuwa ya 80. Waya huiondoa foleni hii.

Foleni ya pili imo ndani ya ruta au modemu, mahali data inapotoka nyumbani. Hapo waya wa chumbani haufui dafu. Hebu tupige hesabu. Tuseme kasi ya kupeleka data nje ni megabiti 5 kwa sekunde, na ghala la data inayosubiri hubeba megabaiti 1, yaani megabiti 8. Ndugu yako akituma video, ghala hujaa. Ujumbe mdogo wa mchezo husimama nyuma ya shehena hiyo yote kwa sekunde 8 ÷ 5, yaani 1.6. Katika mchezo wa mpira, goli limekwisha fungwa!

Ili kuzitambua foleni hizi, fungua madirisha mawili ya amri katika kompyuta, na katika kila moja andika amri mojawapo (katika Windows ongeza `-t` mwishoni ili kipimo kiendelee):

```
ping 192.168.1.1
ping 8.8.8.8
```

Ya kwanza hupima safari ya hadi kwenye ruta (anwani yake huenda ikawa tofauti kwako), ya pili safari ya nje. Namba za kwanza zikirukaruka, kosa li hewani. Zikitulia, na za pili zikapanda kila video inapotumwa, kosa ni ghala. Za pili zikipanda hata nyumba nzima ikiwa imetulia, tatizo liko nje, wala ruta yako haitalitibu.

Tiba ya ghala ni mpango uitwao SQM, ukichagua `fq_codel` au `cake`. Kwanza pima kasi ya kupeleka, kisha andika kiasi cha asilimia 90 yake. Katika mfano wetu, 4.5. Wanafunzi hushangaa kwamba kupunguza kasi huharakisha mchezo. Sababu ni kwamba foleni sasa husimama ndani ya ruta, ambayo huupa kila mtiririko wa data mstari wake, na ujumbe wa mchezo hauisubiri tena video.

Ruta nyingi za bei nafuu hazina mpango huu. Na penye intaneti ya simu, ambayo kasi yake hubadilika kila saa, namba moja haitoshi: pima wakati wa msongamano, uchukue kasi ya chini.