Wakati Ujao Timilifu na Wakati Ujao Endelevu: Ulinganisho wa Kiingereza na Kiswahili

Nchini Uganda na Rwanda, wanafunzi wengi wa Kiswahili hufundishwa masomo mengine kwa Kiingereza. Aghalabu hutunga sentensi ya Kiswahili kwa kufuata njeo ya Kiingereza neno kwa neno. Katika somo hili tutachunguza njeo mbili ambazo kwazo mazoea hayo huzaa makosa: wakati ujao timilifu, unaoeleza tendo litakalokuwa limekwisha ifikapo saa fulani, na wakati ujao endelevu, unaoeleza tendo litakalokuwa likiendelea saa hiyo.

1. Muundo

Kiingereza huunda wakati ujao timilifu kwa "will have" pamoja na umbo timilifu la kitenzi, kama "will have written". Wakati ujao endelevu huundwa kwa "will be" pamoja na kitenzi chenye "-ing", kama "will be reading". Kiswahili hutumia vitenzi viwili. Cha kwanza ni kitenzi kisaidizi *kuwa* chenye kiambishi *-ta-*, nacho huonyesha kwamba saa inayozungumziwa iko mbele yetu. Cha pili ni kitenzi kikuu, nacho huonyesha hali ya tendo saa hiyo: *-me-* kwa tendo lililotimia, *-ki-* au *-na-* kwa tendo linaloendelea.

Vitenzi vyote viwili huchukua kiambishi cha upatanisho. Husemwa *vitabu vitakuwa vimefika* na *mvua itakuwa ikinyesha*. Mwanafunzi anayeandika *vitabu vitakuwa imefika* amekidhani kitenzi cha pili kuwa hakihitaji kupatana na nomino.

2. Saa moja, hali tatu

Tuchukue mfano mmoja. Mkaguzi atafika shuleni saa nne kamili asubuhi, ambayo kwa Kiingereza ni "ten o'clock". Ratiba ya darasa la tano ni hii: imla kuanzia saa mbili hadi saa tatu, kusoma hadithi kuanzia saa tatu na nusu hadi saa nne na nusu, wanafunzi wakiwa wamekaa katika makundi. Mwalimu anamweleza mkuu wa shule:

(a) Mkaguzi atakapofika, wanafunzi *watakuwa wameandika* imla.
(b) Mkaguzi atakapofika, wanafunzi *watakuwa wakisoma* hadithi.
(c) Mkaguzi atakapofika, wanafunzi *watakuwa wamekaa* katika makundi.

Katika (a), imla ilianza na kwisha kabla ya saa nne. Kiingereza husema "will have written". Katika (b), usomaji ulianza kabla ya saa nne na utaendelea baada yake. Kiingereza husema "will be reading". Mwalimu angesema *Mkaguzi atakapofika, wanafunzi watasoma hadithi*, mkuu wa shule angeelewa kwamba usomaji utaanza baada ya mgeni kuingia. Hiyo ndiyo tofauti kati ya *watasoma* na *watakuwa wakisoma*.

Sentensi ya (c) ndiyo inayohitaji uangalifu. Kwa umbo inafanana na (a), kwani zote mbili zina *-me-*. Lakini Kiingereza hakitasema "will have sat". Kitasema "will be sitting", yaani umbo lile lile lililotumika katika (b). Kwa nini?

3. Vitenzi vya hali

Kitenzi *andika* hutaja kazi yenye mwanzo na mwisho. Ikishatimia, kazi haipo tena. Kitenzi *kaa* hutaja tendo fupi la kuingia katika hali. Tendo hilo likishatimia, hali inabaki. Mtu *aliyekaa* bado yuko kitini. Kwa hiyo *-me-* katika vitenzi vya aina hii huonyesha hali iliyopo, na Kiingereza huieleza hali hiyo kwa umbo endelevu. Vitenzi vya kundi hili ni pamoja na *lala, simama, vaa, shika, beba* na *inama*.

Hapa ndipo kanuni ya kwamba "-ing" ni *-na-* inapovunjika. Mwanafunzi aliyepewa sentensi "At ten the child will be sleeping", ikihusu saa nne usiku, huandika *Saa nne usiku mtoto atakuwa analala*. Msikilizaji anaweza kuelewa kwamba mtoto atakuwa ndiyo kwanza anakwenda kulala. Kiswahili cha kawaida ni *mtoto atakuwa amelala*. Vivyo hivyo, *bibi arusi atakuwa anavaa* humaanisha kwamba yumo katika kujivika nguo, na *atakuwa amevaa* humaanisha kwamba nguo ziko mwilini.

Kipimo cha darasani ni rahisi. Kitie kitenzi kiambishi *-me-*, kisha uulize: "Yuko katika hali gani sasa?" Jibu *amesimama* linafaa, kwa hiyo *simama* ni kitenzi cha hali. Jibu *ameandika* halifai, maana linaeleza alichokifanya, si hali aliyo nayo.

Kipimo hiki kina mpaka wake. Kikiongezwa kiasi cha muda, maana hugeuka. Katika *Ifikapo saa kumi na mbili asubuhi, mtoto atakuwa amelala kwa saa nane*, tunahesabu muda uliokwisha kupita, na Kiingereza hurudi kwenye "will have slept". Mwalimu asome sentensi nzima kabla ya kuamua.

4. Ukanushi

Kwa sentensi ya Kiingereza "We will not have finished", Kiswahili kina njia mbili:

(d) Ifikapo saa nne *hatutakuwa tumemaliza*.
(e) Ifikapo saa nne *tutakuwa hatujamaliza*.

Katika (d) kinachokanushwa ni kitenzi kisaidizi. Katika (e) kinachokanushwa ni kitenzi kikuu, na *-me-* hupisha *-ja-*, kiambishi kinachobeba maana ya "bado". Zote ni sahihi, ila (e) huonyesha wazi kwamba kazi inatarajiwa kumalizika baadaye. Kosa la kusahihisha ni *tutakuwa hatumemaliza*, kwa kuwa *-me-* haikai pamoja na *ha-* katika kitenzi kimoja.

5. Kutaja saa

Kiingereza hutenganisha "by ten" na "until ten", nao wanafunzi huzitafsiri zote kwa *hadi saa nne*. Kwa wakati ujao timilifu tumia *ifikapo saa nne* au *kufikia saa nne*: *Kufikia saa nne watakuwa wamemaliza imla*. Neno *hadi* lifuatane na tendo linaloendelea mpaka saa hiyo: *Watakuwa wakisoma hadi saa nne na nusu*.

Zoezi

1. Basi litaondoka saa moja asubuhi. Tunga sentensi tatu kuhusu saa hiyo: moja ya tendo lililokwisha, moja ya tendo linaloendelea, na moja ya hali iliyopo.
2. Eleza tofauti ya maana kati ya *Atakuwa anabeba mizigo* na *Atakuwa amebeba mizigo*. Ni ipi kati ya hizo ingeweza kujibu swali "Yuko katika hali gani?"
3. Sahihisha, na utaje sababu: *Ifikapo saa sita viti vitakuwa havimefika.*
4. Mwanafunzi ameandika *Hadi saa kumi nitamaliza kufua*, akikusudia kusema kwamba saa kumi kazi itakuwa imekwisha. Onyesha makosa mawili, kisha uandike upya sentensi hiyo.