Mshahara Umechelewa: Je, Tunaruhusiwa Kugoma?

Maswali haya yanatoka kwa wafanyakazi wa viwandani, Mbagala na Chang'ombe upande wa Temeke, Mikocheni na Tegeta upande wa Kinondoni. Nimeyachagua kwa sababu yanarudi kila mwezi, hasa tarehe za mwisho. Majibu yangu ni ya Tanzania Bara, chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004. Zanzibar ina sheria zake.

Swali: Wakili, mwajiri hajatulipa miezi miwili. Tumekubaliana Jumatatu hakuna kuingia shifti. Sheria si inatupa haki ya kugoma?

Jibu: Inawapa, lakini si kwa jambo hilo. Najua jibu hili linaudhi.

Kifungu cha 75 kinampa kila mfanyakazi haki ya kugoma kuhusu mgogoro wa maslahi. Kifungu cha 76 kinakataza kugoma pale ambapo mgogoro ni malalamiko. Kwa sheria hii, malalamiko ni mgogoro wowote unaotokana na kutumia, kutafsiri au kutekeleza mkataba wa kazi, mkataba wa hali bora au sheria ya kazi yenyewe. Mshahara ambao tayari umo kwenye mkataba wenu ni haki iliyokwishapatikana. Hamuombi kitu kipya, mnadai chenu. Sheria inasema dai la namna hiyo likaamuliwe na mwamuzi au jaji, lisiamuliwe kwa nguvu ya kusimamisha mashine.

Mgogoro wa maslahi ni ule wa kutaka ambacho bado hamna: nyongeza ya mshahara, posho ya usafiri ambayo haimo kwenye mkataba, chakula cha mchana kwa shifti ya usiku. Hapo hakuna jaji anayeweza kusema nani ana haki, kwa kuwa haki yenyewe haijaundwa. Ndiyo maana mmeachiwa mvutane, na mgomo ni sehemu ya mvutano huo.

Kwenye karatasi mgawanyo huu unaeleweka. Ila ukisimama nje ya geti la kiwanda Dar es Salaam, migomo unayoiona kwa wingi ni ya mishahara iliyochelewa, makato ya mfuko wa hifadhi yasiyopelekwa na saa za ziada zisizolipwa. Yote hayo ni malalamiko. Maoni yangu ni kwamba sheria imemfungia mfanyakazi mlango anaouhitaji zaidi na kumwachia wazi ule anaoupitia kwa nadra. Lakini ndivyo ilivyo, na atakayegoma Jumatatu atahukumiwa kwa sheria iliyopo.

Swali: Basi tukae tu tukisubiri huruma yake?

Jibu: Hapana. Mna njia mbili, na mnaweza kuanza zote wiki hii. Ya kwanza ni Afisa Kazi. Ana mamlaka ya kuingia kiwandani, kukagua vitabu vya mishahara na kumpa mwajiri amri ya utekelezaji kwa maandishi. Ya pili ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo wengi mnaiita CMA. Mnajaza fomu ya kwanza ya Tume, mwajiri anapewa nakala, na mnaitwa kwenye usuluhishi. Ukishindikana, shauri linakwenda kwenye hatua ya uamuzi.

Angalieni siku. Dai lisilohusu kuachishwa kazi linatakiwa kufika Tume ndani ya siku 60 tangu lilipozuka. Mshahara wa mwezi wa kwanza ambao hamkulipwa unakaribia kupitwa na muda huku mkiahidiwa "wiki ijayo".

Swali: Sisi tunataka nyongeza, si malimbikizo. Kiwanda kina watu 300 hivi. Tuanzie wapi?

Jibu: Anzeni na idadi, kwa sababu hakuna majadiliano ya pamoja bila chama kinachotambuliwa. Tuchukue kiwanda cha mfano. Kati ya watu 300, toeni menejimenti ya juu, tuseme 20. Wanabaki 280. Ili chama kilichosajiliwa kiwe msemaji pekee wa hao 280 kinahitaji zaidi ya nusu, yaani wanachama 141 kwenda juu. Kwa viwanda na biashara chama mnachokijua wengi ni TUICO, lakini sheria haiwalazimishi chama fulani.

Hapa ndipo wengi hukwama bila kujua. Mwajiri husema: "Hawa 150 si wangu, ni wa wakala." Kabla hamjapeleka barua yoyote, kusanyeni mikataba na hati za malipo za hao watu mwone jina la mwajiri lililoandikwa. Mkikosea hesabu hii, kila kinachofuata kitaanguka.

Idadi ikitimia, chama kinamwandikia mwajiri kuomba kutambuliwa. Ana siku 30 za kukutana nacho na kufunga makubaliano. Akikaa kimya au mkishindwa kuelewana, chama kinapeleka suala Tume, na likishindikana huko, Mahakama ya Kazi. Akishatambua, anabanwa kujadiliana kwa nia njema na kutoa taarifa ambazo chama kinazihitaji kwa majadiliano. Hawezi kusema "kampuni haina fedha" halafu akakataa kuonyesha chochote kinachothibitisha hivyo.

Mkikubaliana, mnaandika mkataba wa hali bora. Unawabana wote kuanzia saini ya mwisho, na kwa kuwa chama ni msemaji pekee, unamhusu hata yule ambaye hakujiunga. Nakala inapelekwa kwa Kamishna wa Kazi.

Swali: Na tusipokubaliana?

Jibu: Hapo ndipo mgomo halali unaanza kuonekana kwa mbali. Chama kinapeleka mgogoro wa maslahi Tume, na usuluhishi una siku 30 isipokuwa pande zote zikubali kwa maandishi kuongeza. Msikose kikao: upande wa wafanyakazi ukikosa, msuluhishi anaweza kuongeza siku nyingine 30, na mwajiri akikosa, anaweza kuufupisha muda.

Siku zikiisha bila muafaka, chama kinapiga kura kwa utaratibu wa katiba yake. Kinachohesabiwa ni wingi wa waliopiga kura. Katika kiwanda chetu, wakipiga kura 210 na 120 wakasema ndiyo, kura imepita, hata kama 120 si nusu ya 280. Tunzeni karatasi za kura na daftari la waliohudhuria, kwa maana wakili wa mwajiri ataziulizia kwanza.

Kisha mwajiri anapewa notisi ya saa 48. Iandikeni, ipelekeni siku ya kazi, mgonge muhuri wa kupokelewa wenye tarehe na saa. Notisi iliyoachwa kwa mlinzi Ijumaa jioni ni kesi mnayomwandalia mwajiri.

Swali: Walimu si walipiga kura mwaka 2012? Mbona walizuiwa?

Jibu: Mfano mzuri. Chama cha Walimu kiliitisha mgomo ulioanza Julai 30, 2012, kikidai pamoja na mengine nyongeza ya mshahara ya asilimia 100. Agosti 2, Jaji Sophia Wambura wa Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, aliutangaza kuwa si halali na kuwataka walimu warudi kazini. Walimu hawamo kwenye orodha ya huduma muhimu, na dai lao la nyongeza lilikuwa la maslahi kabisa. Kilichowakwamisha ni utaratibu, kwa hiyo msidhani dai zuri linaponya utaratibu mbovu. Mahakama ikiombwa zuio inatazama hatua moja moja.

Madaktari waliogoma mwaka huo huo walikuwa na kikwazo kingine. Huduma za afya na maabara zake zimo kwenye orodha ya huduma muhimu, pamoja na maji na usafi wa mazingira, umeme, zimamoto, uongozaji wa ndege na usafiri unaohitajika kwa huduma hizo. Watumishi wa maeneo hayo mgogoro wao hupelekwa kwenye uamuzi, isipokuwa pawepo makubaliano ya kutoa huduma za kiwango cha chini. Dk. Steven Ulimboka, aliyekuwa mbele katika mgomo ule, alitekwa Juni 2012 na kukutwa kwenye msitu wa Mabwepande, Kinondoni, akiwa amejeruhiwa vibaya. Hilo halikuwa suala la sheria ya kazi tena, ila huwezi kuzungumzia mgomo mjini hapa ukaliruka.

Swali: Tukiwa kwenye mgomo halali, tunaweza kusimama getini kuwazuia wanaoingia?

Jibu: Hapana, na hapa ndipo migomo mizuri inapoharibika. Sheria inakataza kujipanga getini kushawishi au kuzuia wengine, kumfungia mwajiri ndani na kumzuia asiingie. Kwa upande wake, mwajiri haruhusiwi kuleta vibarua wa kushika nafasi zenu. Kaeni nyumbani au ofisi ya chama. Mkiona basi la vibarua linaingia, andikeni namba yake na saa, mpelekeeni wakili wa chama.

Mgomo halali si kuvunja mkataba: hamfukuzwi kwa ajili yake na hamshitakiwi. Lakini mshahara wa siku hizo mwajiri halazimiki kuulipa. Fanyeni hesabu hiyo na wake na waume zenu kabla ya kura.

Swali: Mgomo baridi je? Tunaingia, tunapiga kadi, ila mashine zinakwenda polepole.

Jibu: Kusimamisha kazi kwa sehemu ili kumshinikiza mwajiri nako ni mgomo. Masharti ni yale yale.

Swali: Na kama kima cha chini kimetangazwa juzi na serikali, tunaweza kugoma tukitaka zaidi?

Jibu: Kama amri ya mshahara inalihusu jambo lenyewe, hamwezi ndani ya mwaka wake wa kwanza. Amri iliyoanza Januari 1, 2023 iliwabana hivyo hadi mwisho wa mwaka ule. Vivyo hivyo mkataba wa hali bora: jambo lililokwishapangwa humo haligomewi wakati mkataba unaendelea. Kujadiliana kwa hiari hakuna anayekataza.

Swali: Sisi tulishagoma bila kujua haya yote. Tulidai mishahara iliyochelewa. Wiki tatu zilizopita wametufukuza 34. Kuna matumaini?

Jibu: Yapo. Kushiriki mgomo usio halali ni kosa la nidhamu, lakini kwa Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 si kila kosa hilo linastahili kufukuzwa. Mwamuzi atauliza mlijaribu kufuata sheria kiasi gani, mlifanya vurugu au hamkufanya, na kama mwajiri ndiye aliyewachokoza. Kutolipa mishahara ni uchokozi wenye uzito. Pia mwajiri alipaswa kuwasiliana na chama kabla ya kufukuza, na kuwapa onyo la mwisho kwa lugha mnayoielewa, likisema wazi mrudi lini na nini kitatokea msiporudi, pamoja na muda wa kutosha kutafakari. Tangazo lililobandikwa saa 2 asubuhi na barua za kufukuzwa saa 4 halitoshi.

Kusanyeni barua zenu, picha za matangazo yote na hati za mishahara iliyochelewa. Madai ya kuachishwa kazi yana siku 30 tu kufika Tume. Siku 21 zimeshakwenda, zimebaki tisa. Nendeni kesho.