Jua Haki Zako: Notisi Mbili Ndani ya Mkataba Mmoja wa Kifaransa

Mswahili aliyeajiriwa Ufaransa akiomba ndugu amtafsirie mkataba, kosa hutokea mara nyingi kwenye neno moja, notisi. Kifaransa kina maneno mawili hapo. Notisi ya kipindi cha majaribio hutamkwa "prevenansi", na ile inayokuja baada ya majaribio kwisha ni "preavi". Ukiyaita yote notisi, mfanyakazi atahesabu siku ambazo si zake.

Tuchukue mfano wa msaidizi wa jikoni Lyon, mwenye mkataba usio na ukomo. Ameanza Machi 3, na mkataba unataja majaribio ya miezi miwili, ambao ndio ukomo wa kisheria kwa wafanyakazi wa ngazi yake kabla ya kuongezwa. Basi majaribio yanakwisha Mei 2 usiku. Siku huhesabiwa kwa kalenda, Jumapili zikiwemo. Kama mkataba ungekuwa kimya kuhusu majaribio, yasingekuwapo kabisa, hata bosi aseme ndiyo desturi ya nyumba.

Aprili 22 bosi anamwambia hamhitaji. Anaruhusiwa, na halazimiki kutoa sababu, ingawa hawezi kumwondoa kwa ajili ya ujauzito au asili yake. Lakini msaidizi huyu ameshapita mwezi mmoja kazini, kwa hiyo anadai prevenansi ya wiki mbili, yaani mpaka Mei 6. Notisi hiyo hairefushi majaribio. Bosi lazima amwachie ifikapo Mei 2, kisha amlipe alichokuwa apate kama angefanya kazi hadi Mei 6. Akimwacha aendelee kupika Mei 3, majaribio yamekwisha, na kumwondoa sasa ni kufukuza kazi, kunakohitaji sababu halali na utaratibu wake. Yeye mwenyewe akitaka kuondoka wakati wa majaribio, saa 48 zinatosha.

Preavi ni habari nyingine. Akifukuzwa akiwa na utumishi wa kati ya miezi sita na miaka miwili, ni mwezi mmoja. Miaka miwili na zaidi, ni miezi miwili. Kosa zito huifuta.

Neno la kuangalia sana ni lile la kuongeza majaribio. Usilitafsiri "yataongezwa". Ni "yanaweza kuongezwa mara moja", tena iwapo makubaliano ya sekta yanaruhusu, na mfanyakazi akubali waziwazi kabla muda wa kwanza haujaisha. Kuendelea tu kuja kazini si kukubali.

Tena kuna haki ambayo wageni wachache huiomba. Sheria ya kazi ya Ufaransa, kifungu L1221-3, inampa mfanyakazi wa kigeni haki ya kudai tafsiri ya mkataba kwa lugha yake. Maandiko hayo mawili yakipishana, ni lile la lugha yake pekee linaloweza kutumiwa dhidi yake. Tafsiri ya binamu kwenye simu haina nguvu hiyo. Iombe kwa mwajiri, kwa maandishi, na ubaki na nakala.