Saladi Bila Udongo: Pima Maji Kabla ya Mbolea

Mkulima wa Gasenyi, Bujumbura, anayefungua bomba ili aoteshe saladi bila udongo hapati maji matupu. Sehemu kubwa ya maji ya bomba ya Bujumbura hutoka Ziwa Tanganyika, na maji ya ziwa hilo yana pH inayokaribia 9 na EC ya takriban 0.65 mS/cm kabla hata punje ya mbolea haijaingia.

EC huonyesha jinsi maji yanavyopitisha umeme. Chumvi zikiongezeka, namba hupanda, ila kifaa hakijui chumvi ipi ni chakula. Mwongozo wa saladi wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, unataka mbolea iongeze takriban 1.2 juu ya EC ya maji yenyewe. Basi anayetia mbolea kwenye maji ya ziwa mpaka kifaa kisome 1.2 ameipa mimea nusu tu ya chakula chake, naye anadhani amemaliza kazi. Namba sahihi kwake ni kama 1.85.

pH ndiyo yenye ukaidi. Saladi hutaka 5.8 hivi, lakini maji haya yamejaa bikaboneti, ambayo humeza asidi. Mtu hushusha pH jioni, asubuhi huikuta imepanda tena. Lita 100 za maji ya ziwa zinaweza kuhitaji karibu mililita 40 za asidi ya nitriki ya asilimia 60. Asidi hii humwagwa kidogo kidogo ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya asidi, na mmwagaji awe amevaa glavu na miwani. Uzuri wake ni kwamba huacha nitrojeni ambayo mmea utaila. Asidi ya fosfori kwa kazi yote hiyo ingejaza fosforasi kupita kiasi.

Nafuu kubwa ipo juu ya paa. Mvua ya milimita 10 kwenye bati la mita za mraba 40 huleta lita 400, ukiacha zinazopotea njiani. Lita 50 za mvua zikichanganywa na 50 za bomba, EC ya kuanzia hushuka hadi 0.33 hivi, asidi inayohitajika hupungua nusu, na mbolea hutiwa mpaka kifaa kisome kama 1.5.

Baada ya hapo tangi lipimwe kila siku. Jua likiwa kali mimea hunywa maji zaidi kuliko chumvi, EC hupanda, na dawa ni maji, si mbolea. pH ikikaa juu ya 7, chuma hakifyonzwi vizuri: majani machanga huwa manjano huku mishipa ikibaki kijani. Kingo za majani ya katikati zikiungua, mashaka yaelekezwe kwenye kalsiamu, kwa kuwa maji ya Tanganyika yana magnesiamu nyingi kuliko kalsiamu, na joto hufanya kalsiamu ichelewe kufika kwenye majani hayo.