Doa Jeusi Chini ya Wayo: Kwa Nini Daktari Hupima Unene Wake

Tukisikia saratani ya ngozi, wengi wetu humfikiria mtu mwenye ualbino aliyeunguzwa na jua usoni au masikioni. Fikra hiyo ina ukweli, lakini ni nusu ya habari. Kuna saratani nyingine ya ngozi, melanoma, ambayo kwa mtu mweusi hupenda kujificha pale ambapo jua halifiki kabisa: chini ya wayo, kisiginoni, kiganjani, au chini ya ukucha.

Tuzitenganishe kwanza. Saratani za ngozi za kawaida ni mbili, na zote huanza katika seli zinazojenga tabaka la juu la ngozi. Moja hutokea kama kipele kinachong'aa ambacho hukua polepole na kula ngozi iliyo jirani, lakini ni nadra sana kusafiri hadi viungo vya ndani. Ya pili huonekana kama kidonda chenye magamba kisichopona. Hii ndiyo huwasumbua zaidi wenye ualbino, na pia huota juu ya makovu ya zamani ya moto na vidonda vya mguu vilivyokaa miaka mingi. Inaweza kusambaa ikiachwa, ila mara nyingi huchukua muda kufanya hivyo.

Melanoma huanza katika seli zinazotengeneza rangi ya ngozi. Haitokei mara nyingi kama hizo mbili, lakini huua zaidi kwa sababu huwahi kuingia damuni na kufika kwenye mapafu, maini au ubongo. Mwanamuziki Bob Marley aliipata chini ya ukucha wa kidole cha mguu. Iligunduliwa mwaka 1977, baada ya jeraha lililodhaniwa kuwa la mpira wa miguu. Alifariki Mei 1981 akiwa na miaka 36, saratani ikiwa imefika kwenye ubongo.

Je, kila doa jeusi wayoni ni la kutisha? Hapana. Watu weusi wengi wana madoa kadhaa kwenye nyayo, miguu yote miwili, na yamekaa vilevile kwa miaka. Hali kadhalika mistari myeusi kwenye kucha kadhaa za mikono. La kukaguliwa ni doa lililo peke yake, tofauti na mengine, na linalobadilika. Ukiligawa katikati, nusu mbili hazifanani. Ukingo wake umechongoka-chongoka au umefifia kama wino uliomwagika kwenye karatasi. Rangi si moja. Kuna kahawia, nyeusi na pengine kijivu ndani ya doa hilohilo. Upana umepita milimita 6, yaani kama kifutio cha nyuma ya penseli. Kwa ukucha, angalia mstari mmoja tu unaozidi kupanuka, hasa rangi ikivuka na kuingia kwenye ngozi inayozunguka ukucha. Dalili inayopita zote ni mabadiliko, na kwa hiyo picha ya simu iliyopigwa leo na nyingine baada ya mwezi, rula ikiwa kando ya doa, itamsaidia mhudumu wa afya kuliko maelezo marefu. Hiyo ni kwa doa ambalo huna hakika nalo. Likishaanza kutoa damu au kuinuka, usingoje picha ya pili. Nyingine hazina rangi nyeusi kabisa: ni kinundu chekundu kinachotoka damu kikiguswa.

Sasa tuje kwenye unene. Tabaka la juu la ngozi halina mishipa ya damu. Mishipa ya damu na ya limfu iko kwenye tabaka la chini yake. Melanoma kwa kawaida huanza kwa kutambaa kando-kando ndani ya lile tabaka la juu, kama mafuta juu ya maji. Wakati huo doa linapanuka lakini halina njia ya kusafiri. Baadaye hubadili mwendo na kuanza kuchimba kwenda chini, na kadiri linavyozama ndivyo linavyokutana na mishipa mingi zaidi. Ndiyo maana doa pana la sentimita 2 linaweza kuwa jembamba na kutibika, huku kinundu kidogo cha milimita 6 kikawa tayari kimezama sana. Upana unaonekana kwa macho. Unene unaonekana kwa darubini pekee.

Aliyeonyesha jambo hili ni Alexander Breslow, mwanapatholojia wa Marekani, mwaka 1970. Kipimo chake bado kinatumika: huanzia chini kidogo ya ngozi iliyokufa ya juu, hadi seli ya saratani iliyo chini kabisa. Kwa hiyo sugu ya kisigino haihesabiwi.

Chukua kadi yako ya benki. Unene wake unakaribia milimita 0.8. Tuseme mkulima wa miaka 58 ana doa kisiginoni, na vipimo vinaonyesha milimita 0.7, bila kidonda juu yake. Hajafikisha kadi moja. Daktari wa upasuaji ataondoa doa pamoja na sentimita 1 ya ngozi nzima kulizunguka, na mara nyingi kazi inaishia hapo na uchunguzi wa mara kwa mara. Katika takwimu za nchi zinazoweka rekodi vizuri, zaidi ya watu 9 kati ya 10 wenye melanoma nyembamba hivyo huwa hai baada ya miaka 10.

Tuseme sasa mkulima huyohuyo aliambiwa ni chunjua, akapaka dawa, akakata kwa wembe, akafunga kitambaa, akarudi doa likiwa limeinuka na kutoa damu. Kipimo kinasema milimita 4.2, yaani zaidi ya kadi tano zilizopangwa pamoja. Ngozi ya kuondolewa ni sentimita 2 kila upande. Kisiginoni hapo huenda ikahitajika kupandikizwa ngozi kutoka pajani. Tezi za kinenani lazima zichunguzwe, maana mtoki uliovimba bila maumivu unaweza kuwa ndiyo saratani yenyewe. Hata upasuaji ukienda vizuri, hatari ya kurudi ni kubwa, na zaidi ikiwa uso wa doa umechubuka kuwa kidonda. Nambari hiyo haimhukumu mtu mmoja mmoja. Wapo wenye doa nene waliopona. Inamwambia daktari atafute wapi na kwa bidii gani.

Hapa ndipo makosa hutokea. Doa likichomwa kwa asidi au umeme, hakuna kinachobaki cha kupimwa. Likikwanguliwa juu-juu, maabara itaweza kusema tu kwamba unene si chini ya kiasi fulani. Linalotakiwa ni kutoa doa zima, hadi kwenye mafuta yaliyo chini ya ngozi. Likiwa kubwa mno, kipande cha kina kutoka sehemu iliyoinuka zaidi. Kipande hutiwa kwenye formalini na kupelekwa patholojia. Usikubali kitupwe kwa sababu "kilionekana cha kawaida".

Zahanati ikikuambia ni fangasi, chunjua au kidonda cha kukanyaga mwiba, na matibabu ya wiki 6 yasibadilishe kitu, omba rufaa ya kutolewa kipande. Majibu yakirudi, omba nakala. Tafuta jina Breslow, kisha nambari inayofuatwa na herufi mm. Kama ni melanoma na nambari hiyo haipo, muulize daktari kwa nini kabla hujapangiwa siku ya upasuaji mkubwa.