Mavuno ya asilimia 80 yanayopoteza zaidi kuliko ya asilimia 65

Geuza pakiti ya sindano ya hospitali na mara nyingi utaziona herufi EO kando ya neno STERILE. Ni etilini oksaidi, gesi iliyotumika kuua vijidudu ndani ya pakiti hiyo. Sehemu kubwa ya gesi hii, hata hivyo, haifiki hospitalini. Hugeuzwa kuwa etilini glaikoli, inayoingia kwenye nyuzi za poliesta na kwenye kulenti ya rejeta. Mimi huichagua kila ninapotaka kumwonyesha mtu namna ya kulinganisha njia mbili za kutengeneza kitu kimoja, kwa sababu hapa asilimia ya mavuno, kipimo tunachofundishwa kukiamini tangu sekondari, ikitazamwa peke yake inakuelekeza kwenye njia mbaya.

Njia ya zamani inapitia klorini. Etilini hukutanishwa na klorini ndani ya maji, kisha kinachopatikana hutiwa chokaa iliyozimwa, na hapo oksaidi hutoka. Njia mpya haina klorini kabisa: etilini na oksijeni hupitishwa juu ya kichocheo cha fedha. Mfaransa Théodore Lefort aligundua uwezo huo wa fedha mwaka 1931, na kampuni ya Union Carbide ikaanza kuutumia kiwandani mwaka 1937. Hesabu huanza kwa kuandika mlinganyo wa jumla wa kila njia, hatua zote zikiwa zimeunganishwa:

```
C2H4 + Cl2 + Ca(OH)2 -> C2H4O + CaCl2 + H2O
C2H4 + 1/2 O2 -> C2H4O
```

Uchumi wa atomi, wazo lililoletwa na Barry Trost mwaka 1991, unauliza swali moja tu: katika uzito wote wa malighafi za mlinganyo, ni sehemu gani inabaki ndani ya zao unalolitaka? Kwenye njia ya klorini malighafi ni 28 + 71 + 74, yaani 173, na zao ni 44. Ukigawanya unapata asilimia 25. Kwenye njia ya fedha 28 + 16 ni 44, na zao ni 44: asilimia 100. Hesabu hii haihitaji maabara. Inakuambia hasara ambayo mlinganyo umekwisha kuiamua kabla hujawasha chochote, na ambayo ustadi wa fundi hauwezi kuipunguza. Klorini yote iliyoingia lazima itoke kama chumvi, kwani hakuna hata atomi moja ya klorini ndani ya zao.

Asilimia ya mavuno inauliza jambo jingine: katika zao ambalo mlinganyo ungeweza kukupa, umepata kiasi gani hasa? Tuseme njia ya klorini inatoa asilimia 80 na njia ya fedha, katika hali yake duni ya miaka ya mwanzo, inatoa 65, zote zikipimwa kwa etilini iliyotumika. Kwa kipimo hiki klorini inashinda. Wala si ushindi wa kubeza, maana etilini ndiyo inayouma mfukoni, na njia inayoipoteza zaidi ilikuwa na kazi ya kujieleza mbele ya mhasibu. Hii ni sababu mojawapo iliyofanya njia ya klorini iendelee kuishi miongo kadhaa baada ya fedha kujulikana.

Wengi hapa huzidisha vipimo viwili na kuondoka. Asilimia 25 mara 80 ni 20. Asilimia 100 mara 65 ni 65. Fedha inashinda, mjadala umekwisha. Jibu la nani mshindi ni sahihi, lakini ile 65 si sahihi. Kuzidisha kunachukulia kwamba malighafi zote zinapotea kwa uwiano uleule wa mlinganyo. Kwenye fedha haiwi hivyo. Etilini isiyogeuka oksaidi huungua, na kila molekuli inayoungua hula molekuli 3 za oksijeni, ilhali ile inayofaulu hula nusu tu. Kwa hiyo ninashauri uache kuzidisha na ufanye mizania ya tani moja ya zao.

Tani moja ya oksaidi, kwa mlinganyo, inahitaji kilo 636 za etilini. Kwa mavuno ya 65 utaingiza kilo 979, na kilo 343 zitaungua. Hizo zinatoa takriban kilo 1,080 za kaboni dayoksaidi na kilo 440 za maji, na oksijeni yote ya kazi hiyo inafika kilo 1,540 hivi. Jumla ya vilivyoingia ni kama kilo 2,520, hivyo zao ni asilimia 40 ya uzito, si 65. Kwa upande wa klorini, tani moja inadai kilo 795 za etilini, kama tani 2 za klorini na tani 2.1 za chokaa. Jumla ni tani 4.9 bila kuhesabu maji ya kuyeyushia. Asilimia 20 dhidi ya 40: pengo limepungua, ila halijafungika. Hakikisha tu kwamba vilivyotoka vinalingana na vilivyoingia; visipolingana, kuna kitu umekisahau, na mara nyingi ni oksijeni.

Kuna watakaosema kalsiamu kloraidi si taka, kwa kuwa inauzwa kwa ajili ya kutuliza vumbi barabarani au kuyeyusha barafu. Ni kweli inauzwa ikiwa kavu au nzito. Inatoka kiwandani, hata hivyo, ikiwa tani 2.5 na zaidi kwa kila tani ya zao, imeyeyuka ndani ya maji mengi, na kuyakausha maji hayo kunakula nishati nyingi kuliko bei ya chumvi inavyostahili. Wengine watasema kaboni dayoksaidi nayo ni uchafu, na hao wana hoja nzito zaidi. Tofauti ni kwamba hasara ya fedha inatokana na kichocheo, na kichocheo kinaweza kuboreshwa. Vichocheo vya leo, vyenye kiasi kidogo cha sesiamu, vinaweza kukaribia mavuno ya 90. Rudia mizania kwa 90: kaboni dayoksaidi inashuka hadi kilo 220 hivi, na zao linakuwa asilimia 76 ya vilivyoingia. Njia ya klorini hata ingetoa mavuno ya 100 isingevuka 25.

Usichanganye mavuno na kiasi cha etilini kinachobadilika katika mzunguko mmoja. Kwenye fedha huwa ni karibu sehemu moja ya kumi, kwa makusudi, na inayobaki hurudishwa mwanzoni. Anayekuta tarakimu hiyo na kuiandika kama mavuno ataihukumu njia hii bila haki. Vipimo hivi pia haviijui hatari: etilini na oksijeni ni mchanganyiko unaoweza kulipuka, na oksaidi yenyewe husababisha saratani, iwe imetengenezwa kwa njia ipi.

Wala usidhani mlinganyo mzuri unatosha. Andika propilini mahali pa etilini na karatasi itakupa tena asilimia 100, lakini fedha huiunguza sehemu kubwa ya propilini, kwa sababu hidrojeni za kaboni yake ya tatu hung'oka kirahisi. Ndiyo maana propilini oksaidi imeendelea kutengenezwa kwa klorini, yenye uchumi wa atomi wa 31. Mwaka 2008 viwanda vya kwanza vya njia ya peroksaidi ya hidrojeni vilianza kazi, na hapo taka ya mlinganyo ni maji tu. Uchumi wake wa atomi ni 76.